Namba ya Simu ya Mwalimu katika Kundi la Wazazi: Nani Huona Nini?

Mwanachuo anayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi hukabidhiwa ratiba ya vipindi na daftari la mahudhurio, na aghalabu kabla juma halijaisha huingizwa pia katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa lake. Juu ya ratiba na daftari amekwisha fundishwa chuoni kwa kirefu. Juu ya kundi hakuna aliyemwambia neno, na mara nyingi yeye mwenyewe haoni kwamba liko la kuambiwa, kwa kuwa makundi ameyazoea tangu zamani.

Hata hivyo kundi la wazazi si sawa na kundi la ndugu au la wanachuo wenzake. Tuchukue darasa moja la shule iliyoko Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe. Katika darasa hilo mzazi mmoja ni mkulima wa viazi, wa pili ni mtumishi wa halmashauri, wa tatu analala Makambako siku nne katika juma kwa ajili ya biashara, na wa nne ni dereva wa lori ambaye leo yuko Tunduma na kesho kutwa Dar es Salaam. Kundi ndilo linalowakutanisha, na faida yake haina ubishi. Lakini wengi wa watu hawa mwalimu hajapata kuwaona kwa macho, wala hawamo katika orodha ya majina ya simu yake. Swali la makala haya ni moja: watu hao, ambao ni wanakundi wenzake lakini si watu aliowahifadhi simuni, wanaona nini juu yake? Na yale wanayoyaona yanaweza kuwafikisha wapi?

Mafunzo kwa simu tatu

Jambo hili halieleweki vema kwa maneno matupu. Yafaa lionyeshwe kwa vitendo, na mkufunzi aweza kulionyesha katika kipindi kimoja kwa kutumia simu tatu za wanachuo. Sharti lililopo ni kwamba mwenye simu ya kwanza na mwenye simu ya pili wasiwe wamehifadhiana namba hata siku moja. Simu ya tatu iwe ya mtu anayefahamiana na wote wawili. Yeye ndiye atakayeunda kundi na kuwaingiza humo.

Kundi likishaundwa, mwenye simu ya pili alifungue, abonyeze jina la kundi lililo juu ya kioo, kisha ashuke hadi kwenye orodha ya wanakundi. Hapo atamkuta mwenye simu ya kwanza katika sura ya mambo matatu. Atakuta namba yake kamili, inayoanza na +255. Atakuta jina lenye alama ya wimbi mbele yake, kwa mfano ~Mwl. wa Hesabu. Na atakuta picha yake ndogo ya mviringo, ambayo akiibonyeza inakua na kujaza kioo.

Sasa mwenye simu ya kwanza afungue Settings, kisha Privacy, kisha Profile photo. Kama hajapata kubadilisha kitu, atakuta neno lililochaguliwa ni Everyone, maana yake kila mtu mwenye namba yake aiona picha. Achague My contacts. Mwenye simu ya pili akitazama tena atakuta picha imetoweka na mahali pake pamekaa kivuli cha kijivu. Pengine itabidi afunge WhatsApp na kuifungua upya ndipo badiliko lionekane. Lakini namba bado ipo pale pale, na jina lenye alama ya wimbi bado lipo.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashangaza wengi. Mwenye simu ya pili aihifadhi namba ya mwenzake simuni mwake na kuiandikia jina lolote. Hakuna ruhusa inayoombwa, na mwenye namba hapati taarifa yoyote. Katika kioo cha simu ya pili alama ya wimbi itaondoka, na jina litakalosomeka sasa ni lile aliloliandika yeye. Je, picha itarudi? Wanachuo wengi hujibu kwamba itarudi, kwa kuwa sasa wamehifadhiana. La hasha, hawajahifadhiana. Amehifadhi mmoja tu. Picha haitarudi mpaka mwenye simu ya kwanza naye aihifadhi namba ya mwenye simu ya pili. Hapo ndipo itakapojitokeza.

Kutokana na jaribio hili mwanachuo aone jambo ambalo maneno ya kiooni hayalisemi waziwazi. My contacts maana yake ni watu niliowahifadhi mimi, wala si watu walionihifadhi mimi. Mzazi aliyeihifadhi namba ya mwalimu hapati kwa tendo hilo ruhusa ya kuiona picha yake. Kinyume chake, fundi wa baiskeli ambaye mwalimu alihifadhi namba yake miaka sita iliyopita na kumsahau, huiona picha hiyo hata leo. Na ikiwa fundi huyo aliiacha laini yake, kampuni ya simu ikamgawia mtu mwingine namba ile ile, basi mtu huyo mgeni naye amehesabiwa miongoni mwa watu wa mwalimu. Kwa hiyo anayechagua My contacts apitie pia orodha yake na kuyafuta majina asiyoyakumbuka, la sivyo amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Picha ndiyo tuliyoitumia katika jaribio kwa sababu huonekana upesi. Kanuni hiyo hiyo huongoza maneno mafupi ya kujieleza yaitwayo About, na pia saa ya mwisho uliyoonekana, yaani Last seen. Yote haya yamo katika ukurasa ule ule wa Privacy, na kila moja huchaguliwa peke yake. Habari za Status zina ulinzi zaidi kidogo, kwa kuwa huonwa tu na mtu uliyemhifadhi na ambaye naye amekuhifadhi.

Liko jambo dogo ambalo halimo katika mamlaka yako hata ukichagua vipi. Mtu anayezima alama za buluu za kusomwa kwa ujumbe hudhani amezizima kila mahali. Katika makundi hazizimiki. Mzazi aliyeuliza swali kundini saa tatu usiku aweza kuushikilia ujumbe wake kwa kidole, akafungua Message info, akaona kwamba mwalimu aliusoma saa nne na robo na hakujibu. Walimu wengi wamelaumiwa kwa jambo hili bila kujua lawama ilipotoka.

Kadhalika kumfungia mtu kwa Block hakumwondoi kundini, wala hakukuondoi wewe. Hataweza kukupigia wala kukuandikia peke yako, na picha yako hataiona. Lakini mtaendelea kusoma maneno mnayoyaandika kundini, na namba yako ataendelea kuiona orodhani.

Namba huzaa jina

Mpaka hapa mwanachuo aweza kusema: basi nitaficha picha, nitaandika jina fupi, na namba iache ionekane, kwani namba ni tarakimu tu. Katika nchi nyingine pengine hoja hiyo ingekuwa na nguvu. Katika Tanzania haina, na sababu zake ni mbili.

Ya kwanza ni usajili wa laini. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 zilianza kuzimwa zile ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo. Laini ya mwalimu basi imefungwa kwenye majina yake kamili ya serikali. Ya pili ni huduma ya pesa kwa simu. Mtu anayetaka kutuma pesa kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, iliyokuwa ikiitwa Tigo Pesa hadi mwaka 2024, huandika namba na kiasi, na kabla muamala haujakamilika simu humwonyesha jina la mwenye namba ili ahakikishe kwamba hakosei. Ni utaratibu mzuri, na umeziokoa pesa nyingi zisipotee. Lakini mtu aweza kufika hatua hiyo, akalisoma jina, kisha akaahirisha bila kutuma hata senti moja.

Tuone sasa maana yake. Mwalimu amejiandika kundini kwa herufi mbili tu, picha yake ameificha, na bado mtu asiyemjua achukua namba yake orodhani, aanza kutuma shilingi elfu moja, asoma majina matatu ya mwalimu huyo, aahirisha. Ndani ya dakika moja tarakimu zimegeuka jina la mtu. Wala hakuna palipovunjwa kufuli. Kila chombo kimefanya kazi yake kama kilivyotengenezwa.

Halafu kundi lenyewe huongeza maana. Namba iliyookotwa njiani haisemi lolote juu ya mwenyewe. Namba iliyoko katika kundi linaloitwa Wazazi Darasa la IV, likifuatiwa na jina la shule, inasema kwamba mwenye namba hii ana mtoto wa darasa la nne katika shule hii. Mzazi akiwa ameweka picha ya mtoto wake aliyevaa sare, mtu asiyemfahamu amekwisha pata jina la mzazi, sura ya mtoto, darasa na shule, na yote hayo bila kuuliza swali hata moja. Kwa mzazi mwenye amani na majirani pengine hili si kitu. Kwa mama aliyehama kutoka wilaya nyingine akimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, ni jambo la kutisha, na mwalimu aliyemwingiza kundini hakujua habari hiyo wala hakumwuliza.

Ndiyo maana haitoshi mwalimu kujilinda mwenyewe. Kila mara msimamizi anapoingiza namba moja katika kundi la watu sitini, anazionyesha namba za sitini kwa mmoja na ya mmoja kwa sitini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa kusudi fulani isitumiwe kwa kusudi jingine kiholela. Mzazi aliyeandika namba yake katika fomu ya kumwandikisha mtoto aliitoa ili shule imtafute mtoto akiugua. Kumwuliza kama yu radhi namba hiyo ionwe na wazazi wote ni neno la dakika moja, na lafaa liulizwe pale pale kwenye fomu.

Mfano: mgeni aliyeingia kwa linki

Tutunge mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Mwalimu wa darasa letu la Igwachanya anaona uvivu kuwaingiza wazazi mmoja mmoja. Anatengeneza linki ya kundi na kuwapa wazazi wachache ili waisambaze. Linki inasambaa. Mzazi mmoja anaiweka katika kundi la wafanyabiashara wa Makambako ili shemeji yake aipate, na humo wamo watu mia mbili. Mtu asiye na mtoto wala ndugu katika shule hiyo anaibonyeza, anaingia. Kundini inatokea mistari midogo ya kijivu kwamba namba fulani imejiunga. Siku hiyo wamejiunga watu kumi na wanane, na hakuna aliyejali.

Mgeni huyu haandiki neno lolote kwa siku tano. Anasoma. Anaiona orodha nzima na kila namba. Mwalimu anatambulika upesi, kwa sababu mbele yake limeandikwa Group Admin na picha yake iko wazi kwa kila mtu. Mgeni anaihifadhi picha hiyo. Siku ya sita mwalimu anakumbusha kundini juu ya mchango wa chakula cha mchana, shilingi 15,000 kwa kila mtoto.

Jioni ile wazazi kadhaa wanapokea ujumbe, si kundini bali kila mmoja peke yake. Picha ni ya mwalimu. Jina ni la mwalimu. Maneno yanasema kwamba simu ya shule ina hitilafu, na ile hela ya mchango itumwe kwenye namba hii. Mtanzania yeyote anaujua mtindo huo wa ile hela tuma kwenye namba hii. Kwa miaka mingi umepita katika jumbe za kawaida, ukitumwa gizani kwa watu wowote. Tofauti hapa ni kwamba mtumaji hakutupa nyavu gizani. Anajua mchango upo, kiasi chake, siku yake, na sura ya anayeukusanya.

Mzazi atatambuaje? Arudi kwenye yale tuliyoyaona katika simu tatu. Ikiwa mzazi alikuwa ameihifadhi namba ya kweli ya mwalimu, ujumbe wa kweli ungekuja kwa jina lile alilolihifadhi, bila alama ya wimbi. Ujumbe huu una namba tupu, na jina lake lina alama ya wimbi, kumaanisha kwamba jina hilo amejiandikia mtumaji mwenyewe. WhatsApp haikagui jina wala picha. Mtu aweza kujiita Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu au Mganga wa Wilaya, na hakuna wa kumzuia. Kitu kimoja tu ndicho kinachokaguliwa mtu anapojiunga, nacho ni namba, kwa tarakimu sita za siri zinazotumwa kwenye laini hiyo.

Hapa pana kinyume kinachofaa kuzingatiwa na mwalimu. Ile namba tunayosikitika kwamba haifichiki ndiyo pia alama pekee ya kundini yenye ushahidi ndani yake. Na ile picha inayoonekana kuwa ushahidi si ushahidi wa kitu chochote. Mzazi aliyefunzwa kutazama namba kwanza na sura baadaye ni vigumu kumdanganya. Akifika kwenye hatua ya kutuma pesa, anapata kizuizi cha pili: jina litakalojitokeza si la mwalimu wala la shule. Utaratibu ule ule uliomfichulia mgeni jina la mwalimu sasa unamfichua mgeni mwenyewe, au walau jina la mtu ambaye laini yake anaitumia. Mzazi asimame hapo, asiandike namba ya siri, ampigie mwalimu kwa namba anayoijua. Asipige ile iliyomwandikia, kwani atakayepokea anajulikana.

Aliyekwisha tuma apige mara moja huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, kwa namba 100, aombe pesa izuiliwe kabla haijatolewa; kisha apeleke taarifa kituo cha polisi. Ikiwa ulaghai ulikuja kwa ujumbe mfupi wa kawaida, autume ujumbe huo kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya taarifa za utapeli wa simu.

Ushahidi wa namba nao una mpaka wake. Mlaghai aweza kuijaribu namba ya mwalimu mwenyewe katika simu nyingine, kisha akampigia na kusema: kuna tarakimu sita zimekuja kwako kwa makosa, nisomee. Mwalimu akizisoma, akaunti yake imehama. Tangu saa hiyo ujumbe wa kuomba pesa utatoka kwenye namba ya kweli, kwa jina ambalo wazazi wamelihifadhi, na alama ya wimbi haitaonekana popote. Kinga yake ni kutozitaja tarakimu hizo kwa mtu yeyote, hata kwa anayejitambulisha kuwa wa kampuni ya simu, na kuweka namba ya siri ya ziada katika Settings, Account, Two-step verification. Namba hiyo ni ya tarakimu sita, huchaguliwa na mwenye akaunti mwenyewe, na mlaghai asipokuwa nayo hataweza kuingia hata kama amezipata zile za kwanza.

Aina za makundi na njia zilizopo

Msimamizi ana nafasi ya kupunguza yanayoonekana, akijua vyombo alivyo navyo. Kwa kundi la kawaida, kama hili tulilolieleza, hana budi akubali kwamba kila mwanakundi huziona namba zote. Anachoweza ni kuulinda mlango: kuifuta linki ya zamani kwa Reset link punde wazazi wote wanapokuwa wameingia, na kuweka utaratibu wa kila anayebonyeza linki kusubiri kukubaliwa na msimamizi. Mtu asiyetambulika aulizwe: wewe ni mzazi wa nani? Swali hili laonekana la utovu wa adabu kwa watu wazima, lakini mlangoni pa shule tunaliuliza kila siku.

Kwa matangazo ya upande mmoja kuna njia bora zaidi, nayo ni orodha ya matangazo iitwayo Broadcast. Mwalimu huandika mara moja, na kila mzazi hupokea kana kwamba ameandikiwa peke yake. Hakuna mzazi anayeona namba ya mwenzake, wala hajui ni nani mwingine aliyepokea. Orodha moja huchukua watu 256, nao ni wengi kuliko darasa lolote. Kasoro yake ni kwamba ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya mwalimu, na mzazi ambaye hakuihifadhi hapati kitu wala hajui kwamba amekosa. Katika mkutano wa kwanza wa wazazi mwalimu aiandike namba yake ubaoni, asubiri kila mmoja aihifadhi, kisha atume neno la majaribio na kuuliza ni nani ambaye simu yake haikulia. Kuhifadhi huko ndiko pia kunakomwezesha mzazi kumtambua mlaghai, kwa hiyo kazi moja imefanywa mara mbili.

Zaidi ya hizo kuna Community, ambayo hukusanya makundi kadhaa ya shule chini ya paa moja. Katika kundi lake la matangazo namba ya mzazi huonwa na wasimamizi na wale waliomhifadhi tu. Lakini akiingia katika kundi dogo la darasa lililo chini ya paa hilo, hali inarudi kuwa ile ya kundi la kawaida. Wasimamizi wengi hawaijui tofauti hii, wakawaahidi wazazi usiri ambao haupo.

Kwamba namba yaonekana si sheria ya maumbile, bali ni uamuzi wa waliotengeneza chombo. Katika Telegram, mathalani, mtu aweza kuchagua namba yake isionwe na mtu yeyote, na wenzake kundini wakamwona kwa jina tu. Lakini kuwahamisha wazazi wa Igwachanya wote kwenda Telegram kwa ajili ya darasa moja ni kazi ambayo sijaona mwalimu akiifaulu, wala sishauri ianzwe.

Walimu wengine hununua laini ya pili kwa ajili ya kazi. Ni shauri jema, mradi lifanywe kwa ukamilifu. Simu za siku hizi zenye nafasi mbili za laini huweza kuchukua akaunti mbili za WhatsApp pamoja, kwa hiyo hakuna haja ya simu ya pili. Laini ya kazi isipofunguliwa huduma ya pesa, jina la mwalimu halitajitokeza kwa anayeipima kwa njia ile tuliyoieleza. Lakini basi mwalimu asipokee michango kwa laini hiyo, na awaambie wazazi hivyo tangu mwanzo, ili anayeombwa pesa kwa namba ya darasa ajue papo hapo kwamba ni uongo. Laini hiyo pia isiachwe ife bila kutumika. Ikigawiwa mtu mwingine, wazazi watakuwa wamehifadhi jina la mwalimu juu ya namba ya mgeni. Anayeiacha aihamishe kwanza akaunti yake kwa Change number, ambayo huyatangazia makundi yake kwamba namba imebadilika, au aifute kabisa.

Limebaki jambo la mwanachuo anayemaliza mazoezi na kurudi chuoni. Akitoka kundini kimya kimya, wasimamizi peke yao ndio wanaoarifiwa. Hata hivyo namba yake haiondoki siku ile. Kwa muda wa siku 60 mwanakundi yeyote aweza kuikuta katika orodha ya waliotoka, iliyo chini kabisa ya orodha ya wanakundi. Na ule ujumbe alioandika akiwa mwalimu wa muda wa darasa la nne umebaki katika simu za wazazi wote sitini, na namba yake juu yake, kwa muda wowote ambao kila mmoja wao atapenda kuuhifadhi.